Daktari Hakutaka Kuandika "Amepona"

Daktari wa zahanati ya kifua kikuu alikuwa mama mnene mwenye miwani, na alikuwa mkaidi kuliko mimi, jambo ambalo si rahisi. Nilimwomba neno moja tu. Aandike kwamba nimepona.

"Hujapona," akasema, bila kuinua kichwa. "Unaendelea na dawa."

Makohozi yangu yalikuwa yamepimwa mara tatu na mara zote tatu vijidudu havikuonekana. Homa ilikwisha, kikohozi kilikwisha, suruali zilianza kunibana tena. Nilikuwa nimemaliza ile miezi ya mwanzo ya vidonge vingi, vile vinavyofanya mkojo uwe mwekundu hadi mtu unashtuka, na sasa nilikuwa katika miezi ya vidonge vichache. Kwangu mimi huko ndiko kupona. Kwake yeye, mgonjwa wa TB haponi mpaka amalize dawa zote, na karatasi yenye jina lake na muhuri mwekundu wa zahanati haiwezi kusema jambo lisilokuwa kweli. Akaandika yanayoandikwa: kwamba ninatibiwa, kwamba makohozi yangu sasa ni safi, kwamba siambukizi tena na ninaruhusiwa kurudi kazini, ila niendelee kumeza dawa na kuhudhuria zahanati mpaka mwisho wa tiba. Akagonga muhuri. Nikatoka nimeridhika nusu.

Ofisi yetu ilikuwa huku Uchina, karibu na barabara ya Guangyuan Xilu, chumba cha mbele na ghala nyuma yake, tukifunga marobota ya nguo za wateja wa Dar na Unguja na kuyapeleka bandarini Huangpu kupakiwa kwenye kontena. Tajiri wetu alikuwa Mzanzibari mtu mzima, mpole, mcha Mungu, na mwoga wa maradhi. Mimi ndiye niliyezungumza na wapagazi na wenye malori, kwa kuwa nilikuja kusoma na Kichina nilikiweza. Kibali changu cha kuishi kilitegemea ofisi ile. Bila kazi ningerudishwa nyumbani huku dawa ziko nusu, na dawa za TB zikikatwa katikati, ugonjwa unarudi na ukali mpya. Kwa hiyo barua ile haikuwa karatasi tu mkononi mwangu.

Tajiri aliishika kwa ncha za vidole, akampa mhasibu wetu, binti wa Kichina ambaye Kiswahili chake cha sokoni kilituchekesha sote. Akaisoma, akamweleza.

"Yu bado anatibiwa?" tajiri akauliza.

"Bado, lauban," akajibu binti, akimwita tajiri kwa Kichina. "Lakini yeye hapana ambukiza."

"Basi hajapona. Na asiyepona anarudi kufanya nini?" Akanigeukia. "Mwanangu, mie sina ugomvi nawe. Kaniletee barua ya kupona."

Nikamweleza kwamba mtu anaweza kuwa hajamaliza dawa na asimwambukize hata mtoto mchanga. Nikamweleza tena. Akaitikia kwa kichwa kila nilipotua, halafu akasema, "Sawa. Kaniletee ya kupona." Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku ile nilitamani kumnyoa.

Nikarudi zahanati. Nilipanda basi nikiwa nimesimama, nimebanwa katikati ya watu ambao hawakujua habari zangu, na hakuna aliyenikimbia. Daktari aliponiona akajua. Akapaza sauti hata muuguzi akachungulia. "Bu xing!" Haiwezekani. Hatoandika uongo kwa sababu ya mwenye ghala. Kisha akavuta simu. "Nambari yake?"

Basi nikawa mkalimani wa ugonjwa wangu mwenyewe. Mkonga wa simu ulikuwa ukienda na kurudi: daktari anasema, mimi natafsiri, tajiri ananijibu mimi, mimi namweleza daktari. Nilipofika kwenye "hana hatari kwa yeyote", tajiri akakata shauri.

"Unanitafsiria utakavyo. Mpe simu huyo daktari azungumze na mhasibu wangu hapa."

Nikawaachia Wachina wao kwa wao, nikakaa kwenye benchi. Upande wetu nilimsikia daktari peke yake. Alikuwa akijibu maswali, na kutokana na majibu nikayajua maswali yenyewe. La, si kwa wali. La, si kwa vyombo wala kwa kunawa pamoja. Ugonjwa huu unakwenda kwa hewa, mgonjwa akikohoa. Ndiyo, wanaweza kula pamoja. Ndiyo, sahani moja. Kisha akauliza yeye swali lake: wenzake kazini wameshapigwa picha ya kifua?

Hawakuwa wamepigwa. Nilipogunduliwa tu, zahanati ilitaka wote niliofanya nao kazi waje wapimwe, na tajiri aliogopa wateja wakisikia. Kabla ya hapo nilikohoa miezi ndani ya ghala lisilo na dirisha, wakanipa tangawizi na kunicheka. Siku zile ndipo nilipokuwa hatari. Mficha maradhi kifo humuumbua, tulisema sote, na hakuna aliyekwenda.

Daktari akaniandikia barua ya pili. Neno "amepona" halikuwamo. Aliongeza kwamba wenzangu hawahitaji tahadhari yoyote kwa ajili yangu, kazini wala wakati wa kula, na kwamba wao wafike kupimwa. Muhuri mwekundu.

Safari hii tajiri aliipokea kwa kiganja kizima. Binti akamsomea mpaka mwisho. Akavuta pumzi, akaiweka kwenye faili la vibali, akasema, "Karibu kazini, mwanangu. Kesho hiyo hiyo watakwenda wote kupimwa." Nilifurahi, sitaki kusema uongo. Nilikwenda ghalani nikashika kamba na kuanza kufunga robota ambalo halikuwa la zamu yangu.

Adhuhuri, baada ya sala, mpishi wetu, mtu wa Tanga, akaleta pilau. Tulikuwa tunakula pamoja kila siku, wote kwenye sinia moja, chini, kwenye maboksi yaliyokunjuliwa. Nikanawa, nikakaa mahali pangu. Nikasema bismillahi, nikapeleka mkono.

Mikono yao ikabaki magotini.

Mmoja akakumbuka lori linamsubiri. Mwingine akasema tumbo linamsokota tangu asubuhi. Mpishi, ambaye aliniletea uji kitandani nilipokuwa sijiwezi, akasema yeye ameshaonjaonja jikoni mpaka kashiba. Hakuna aliyenitazama. Wakanyanyuka mmoja mmoja, kwa adabu, kama watu wanaotoka msikitini.

Nikamtazama tajiri. Wale wengine hawakusomewa maneno ya daktari; yeye alisomewa. Yeye ndiye aliyeuliza juu ya wali, na vyombo, na sahani moja, akajibiwa mara mbili, kwa simu na kwa muhuri. Neno lake moja lingewarudisha wote. Alikuwa amekaa mezani kwake, na kikombe cha chai ya maziwa mbele yake, nusu kimenywewa.

"Na wewe, mzee?" nikamwuliza. "Karibu."

Akajipangusa midomo kwa leso.

"Mie leo nimefunga," akasema.

Nilitaka kulipindua sinia lile, wali ukatapakae mpaka kwenye faili lake la vibali. Sikulipindua. Nilikula, tonge baada ya tonge, chakula cha watu sita, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikujua hata kama kina chumvi.