Abiria wa Benchi la Kungojea

Mtoto wa tajiri wetu, mwenye mabasi, aliporudi kutoka masomoni, jambo la kwanza alilofanya ni kubandika karatasi za kaki ukutani, pale nyuma ya dirisha langu la tiketi. Nilidhani anaficha nyufa. Kumbe alitaka kuchora safari ya abiria.

"Ya basi?" nilimuuliza. "Inajulikana. Bukoba, Kemondo, Muhutwe, Muleba."

"Si ya basi, dada. Ya mtu. Tangu anapowaza kusafiri mpaka anaposhuka."

Alikuwa kijana wa Kihindi, mzaliwa wa Bukoba, babu yake aliuza vitambaa mjini tangu enzi za mkoloni. Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko cha baadhi ya wapwa zangu. Ndugu zao wengi walikuwa wameshahama, duka moja baada ya jingine likafungwa, wao wakabaki na mabasi yao mawili yaliyochoka. Kampuni nyingine ilikuwa imeleta basi jipya, na abiria walikuwa wakitupungua. Kwa hiyo akachora mistari. Juu aliandika hatua: kusikia habari za basi, kufika dirishani, kukata tiketi, kungoja, kupanda, kusafiri, kushuka. Chini ya kila hatua aliacha visanduku vitatu: anakutana na nani au na kitu gani chetu, anajisikiaje, na panamuuma wapi.

Mimi nilicheka mpaka nikafuta machozi. Nilikuwa nimekaa kwenye dirisha lile miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuniuliza abiria anajisikiaje. Abiria anajisikia kusafiri, basi. Lakini mshahara ni mshahara, nikakubali kuwauliza watu maswali yake na kumletea majibu.

Ilikuwa miaka ile mibaya. Vita vilikuwa vimepita zamani, lakini sisi wa Bukoba tulikuwa bado na mazoea ya kutazama gari linaloondoka na kuhesabu nyuso, kwa sababu tuliona magari yaliyokwenda yamejaa yakarudi matupu. Halafu ukaja ugonjwa, silimu tulivyouita, ndio huu Ukimwi, na watu wakaanza kurudi nyumbani kutoka kila mji walikokuwa wakitafuta riziki. Wengi walipita dirishani kwangu. Nilijifunza kutotazama mikono yao iliyokonda.

Utaratibu wetu wa asubuhi ulikuwa mmoja. Ukishakata tiketi, unakaa kwenye benchi refu la mbao chini ya ukuta, na mimi nakwambia maneno yaleyale ninayomwambia kila mtu: "Kaa hapo, usiondoke mpaka niite jina lako." Basi likiwa tayari, natoka na orodha, naita. Ukiitika, "Yupo," unapanda. Usipoitika, kiti chako kinapewa aliyesimama, na tiketi yako imekufa siku hiyohiyo. Tuliandika hivyo hata ukutani, kwa rangi nyekundu.

Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa Buganguzi na binti yake. Mama alikata tiketi mbili, viti vya pamoja. Binti alikuwa amejifunika kitenge mpaka kidevuni ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Alikuwa mzuri, hilo ulilisoma kwenye mifupa ya uso. Nilimuuliza maswali ya kwenye karatasi, kwa kuwa nilikuwa nimeagizwa.

"Unajisikiaje ukikata tiketi?"

Alitabasamu. "Kama mtu anayekwenda nyumbani."

"Na ni nini kinachokusumbua?"

"Msije mkaniacha."

Nilimwambia akae mwisho wa benchi, asiondoke mpaka nimwite. Akakaa, akaweka mikono magotini kama mtoto wa shule. Mama yake alisimama kando, akaniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, madaktari wamesema nimpeleke tu nyumbani. Nataka afike akiwa anaona. Auone mgomba wa baba yake, basi. Sitaki kingine."

Hakufika hata kwenye mlango wa basi. Kabla sijatoka na orodha alianza kukohoa, akaanguka mbele ya benchi, na vijana wa stendi wakamweka kwenye mkokoteni wa mizigo kumkimbiza hospitali, mama akiwafuata mbio. Nilisoma orodha. Majina yao nilipoyafikia niliyaruka, kwa sababu niliona uchungu kuita watu niliowaona wakiondoka. Kondakta akawapa viti waliosimama, basi likaenda.

Mchana mama akarudi. Binti alikuwa bado anapumua. Aliomba tiketi zihamishiwe siku ambayo mwanawe ataweza kukaa. Nilimwonyesha maneno mekundu ukutani. Aliyatazama, na mimi nikaona haya, nikaenda nyuma kwenye karatasi ya kaki na kumwambia mtoto wa tajiri, "Panapowauma pamepatikana. Andika. Mgonjwa haijui siku yake, na tiketi yetu inakufa asubuhi."

Akachukua kalamu nyekundu, akaandika kwenye kile kisanduku chini ya "kukata tiketi", akatoka mbele, akageuza zile tiketi mbili na kuandika nyuma: *Itasafiri siku yoyote.* Akatia saini na kugonga muhuri. Tangu siku hiyo ikawa sheria yetu kwa kila mgonjwa. Mama alizifunga kwenye pindo la kanga. Baadaye tulisikia kwamba binti aliomba ashike ya kwake mwenyewe, akalala nayo mkononi kule wodini.

Tukaendelea na kazi yetu ya ramani. Ilikuwa zamu ya hatua ya kungoja, na kijana alinitaka nitazame tu, nisiulize. Nikatazama. Siku ya kwanza nikadhani macho yangu yamechoka. Siku ya pili nikamwita naye atazame.

Watu walikuwa wamesimama, wazee na wanawake wenye watoto mgongoni, na mwisho wa benchi palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyekaa. Wapya waliofika walilifuata benchi, wakifika pale wanapunguza mwendo, wanainamisha kichwa kidogo kama wanaomsalimu mtu, kisha wanarudi kusimama. Sikumwona hata mmoja akimnong'oneza mwenzake.

Nilimfuata bibi mmoja wa Ijumbi aliyekuwa anaegemea fimbo. "Bibi, mbona hukai? Nafasi ile pale."

Alinitazama kama anayemtazama mtu asiye na adabu. "Nimkalie mwenzangu?"

Mimi ni mtu wa ubishi, na ubishi umewahi kunitia mashakani mara nyingi. Nilikwenda nikakaa. Nilitarajia baridi, kwa vile hadithi zote za namna hiyo zina baridi. Ubao ulikuwa na joto. Joto la mtu aliyekaa muda mrefu akanyanyuka sasa hivi, na ukuta ulikuwa kivulini tangu alfajiri. Nikainuka haraka.

"Niandike nini hapa?" kijana aliniuliza, uso umempauka, kalamu juu ya kisanduku cha kungoja.

"Usiandike kitu."

Wiki ile ikaisha, nyingine ikaja. Nafasi ikabaki vilevile. Kondakta, ambaye mdomo wake haukuogopa hata polisi, alianza kupitia upande wa pili wa basi.

Ndipo mama akarudi. Alikuwa peke yake, amenyoa nywele, na nikajua kabla hajafungua kinywa. Nilitoka nje ya dirisha nikampa pole. Aliniambia kwamba binti alifia wodini, ndugu wakamchukua kwa pikapu, wakamzika kwenye kibanja, katika migomba yao, karibu na kaburi la baba yake. Kila kitu kilifanywa sawasawa. Lakini usiku mama hapati usingizi.

"Kaburi lipo, mwanangu, ila yeye hayupo. Nikilala namwona hapa kwenu. Amekaa. Namwambia twende, anasema, 'Dada wa tiketi ameniambia nisiondoke mpaka aniite. Hajaniita.'" Alifungua pindo la kanga, akatoa tiketi mbili. Moja ilikuwa imekunjamana kama iliyofumbatwa siku nyingi. "Mwanangu alikuwa mtiifu sana. Nimekuja kumchukua."

Hakuwa ameambiwa habari za benchi. Alikuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka Muleba. Alinipita, akaenda moja kwa moja mwisho wa benchi, akasimama mbele ya ile nafasi na kuinyooshea mkono.

Niliogopa, nasema kweli. Lakini nilimwonea huruma kuliko nilivyoogopa. Nikaingia ndani, nikawaandika wote wawili kwenye orodha ya safari ya asubuhi hiyo, tiketi zao zikiwa halali kwa muhuri na saini, nikatoka na kuanza kuita kama kila siku. Nilifika kwa yule binti. Nikaliita jina lake lote, na la baba yake.

"Yupo," mama akaitika.

Mama akaanza kutembea polepole kuelekea mlangoni, mkono wake ukiwa nyuma kidogo, kama anayemwongoza mtu asiyeona vizuri. Watu wakafungua njia, wakaifungua pana. Nyuma yao yule bibi wa Ijumbi, ambaye siku hiyo alikuwa anasafiri tena, alilisogelea benchi, akaupapasa ubao, akakaa na kushusha pumzi.

Ilibaki hatua ya mwisho kwenye ramani, ya kushuka, ambayo hakuna aliyekuwa ameitazama. Kijana akaniambia nipande nikaitazame. Nikakaa kiti cha nyuma yao. Basi lilijaa, watu wamesimama mpaka mlangoni, na kile kiti cha dirishani kando ya mama kilibaki wazi. Kondakta alikuja, akakitazama, akamtazama mama. Mama akampa tiketi mbili. Akazichana zote mbili, akarudi mbele.

Njia nzima mama alikuwa akisema kwa Kihaya, taratibu: hii Kemondo, ziwa lile pale, hapa Muhutwe, shika vizuri, pana mashimo. Hakuna aliyemwita mwendawazimu. Nusu ya basi lile walikuwa wamezika mtu mwaka huo.

Muleba, pale wanaposhuka watu wa Buganguzi, mama aliinuka. Aliyekuwa amesimama karibu yake akajibana kumpisha, mama akapita, na yule mtu akabaki amejibana, tumbo ndani, mpaka muda wa mtu mwingine kupita ulipokwisha. Aliyefuata naye akafanya hivyohivyo. Mstari mzima walivuta miguu mara mbili. Mama alifika chini, akageuka kuutazama mlango. Dereva akataka kuondoka.

"Bado mmoja," kondakta alimkemea, akaushikilia mlango kwa mikono miwili.

Tulingoja. Kisha mama akacheka kidogo, kicheko cha mzazi aliyepokea mtoto, akainamisha kichwa kutushukuru, akashika njia ya kwao. Kondakta akagonga bodi ya gari.

Jioni kijana alinikuta mbele ya karatasi ya kaki. Kwenye kisanduku cha kushuka nilikuwa nimeshaandika: *Wameshuka wawili. Wamefika.* Aliyasoma, akafunika kalamu yake.