Kapsheni Tatu za Marehemu Jackton

Hii nayo hamtaamini. Hata mkiambiwa na mchungaji ameshika Biblia mkono wa kulia, mtanusa kwanza kama mchungaji amekunywa. Lakini ilitokea, mchana kweupe, Adams Arcade, ghorofa ya kwanza kwenye mkahawa mmoja wa chai na maandazi, na aliyekuwa amekalia kiti cha moto ni Maurine Obuya, mtoto wa dada yangu. Akili alirithi upande wetu. Upande wa baba yake alipata miguu mirefu tu.

Maurine ana miaka saba akifanya kazi kwa Kaindi, mwenye duka la uchapishaji River Road, lile la kupanda ngazi kati ya duka la misumari na lojing'i ya wageni. Duka linachapa mabango, kadi za harusi, na zaidi ya yote, mambo ya vifo. Watu wa kwetu magharibi wakifiwa Nairobi, wanaenda kwa Maurine. Anajua kumkaribisha mtu mwenye macho mekundu. Anampa kiti, anampa maji, halafu anauliza polepole: "Watoto ni wangapi? Wajane? Nani atangulie?"

Hapo kwa "nani atangulie" ndipo damu hupanda. Maana tangazo la kifo kwetu si karatasi. Aliyetajwa yuko ndani ya boma. Asiyetajwa, siku ya mazishi atasimama nje ya hema, na hata sahani ya wali itampita kama hajaonekana.

Siku hizi tangazo haliendi gazetini. Maurine huweka picha ya marehemu kwenye ukurasa wa duka, Facebook na Instagram, na chini ya picha anaandika ile habari ndefu, mume wa nani, baba wa nani, ndiyo vijana huita kapsheni. Ukurasa huo una wafuatiliaji wengi kuliko kanisa langu, na kanisa langu si dogo.

Sasa, Jumatano moja asubuhi alikuja Zadock, mdogo wa marehemu Jackton, katibu wa kamati ya mazishi. Mtu wa koti na kalamu mbili mfukoni, moja haiandiki. Akasimama kaunta akataja majina, Maurine akayaandika papo hapo kwenye simu ya kazi. Jackton, fundi seremala wa Muthangari. Mume wa Lornah, aliyeko nyumbani, na Veronicah, aliyeishi naye hapa Nairobi miaka kumi na mmoja. Ikawekwa. Zadock akaisoma kwenye simu yake, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, akaenda.

Saa nane mchana akapiga simu.

"Maurine, binti yangu. Lile jina la Veronicah, litoe."

"Mzee, sheria ya duka, mabadiliko unatuma kwa meseji."

"Niko barabarani, mama. Nitatuma. Familia imekaa, tumekubaliana. Litoe kwanza, watu wasizidi kusoma."

Kaindi alikuwa ameiweka sheria hiyo kwa sauti ya tarumbeta: bila meseji, herufi haiguswi. Lakini mzee aliyefiwa anakuita binti yangu, wewe utamkatalia? Maurine akafungua Facebook, akahariri, jina likatoka. Akafungua Instagram akahariri na huko pia, maana ukibadilisha kwa mtandao mmoja, mwingine haubadiliki wenyewe. Meseji ya Zadock haikuja siku hiyo, haikuja kesho yake, na nikikwambia iko njiani nitakuwa nakudanganya.

Veronicah alikuwa ameisoma asubuhi. Aliisoma mara tatu, akalia, akatuma kiungo cha tangazo kwa dada zake na kwa akina mama wa kanisa. Jioni dada yake akampigia: "Mbona hukutajwa?" Akafungua kiungo kilekile. Picha ni ileile, saa ya kuwekwa ni ileile ya asubuhi, pole za watu chini yake ni zilezile. Jina lake halipo. Hakuna kengele iliyolia kumwambia maneno yamebadilika. Aliyesoma asubuhi alisoma lake, aliyesoma jioni alisoma lake, na kila mmoja angeapa mahakamani.

Alhamisi, saa kumi na moja, jua bado linawaka, kamati ikakutana pale Adams. Lornah, yule mke wa nyumbani, alikuwa amefika na basi la usiku, amekaa na leso mkononi. Veronicah upande wa pili na wanawake wa kanisa. Kaindi na Maurine waliitwa kama washtakiwa, wakapewa viti vya karibu na jikoni.

Zadock akasimama. "Mimi nilitaja majina yote mawili. Huyu msichana ndiye aliacha la Veronicah. Pengine hakulipenda, pengine ni uvivu. Sisi kama familia tumeaibika."

Maurine akamgeukia. "Mzee, si ulinipigia simu ukaniambia nitoe?"

"Utoe nini? Nilikupigia kuuliza kama picha inaonekana vizuri."

"Mimi niliona jina langu," Veronicah akasema. "Nililiona kwa haya macho."

"Shemeji, pole," Zadock akamjibu kwa sauti ya asali. "Mtu mwenye kilio huona vingi."

Kaindi akafuta miwani, akamgeukia Maurine. "Nijibu mara moja. Kama uliandika hivi tangu mwanzo, kesho usikuje. Mtu wa kuacha wajane nje simtaki kwa duka langu."

Mmoja wa akina mama wa kanisa akafungua Instagram kwanza. "Hapa, ukifungua maneno yote, kuna alama kwamba yamehaririwa."

Watu wakasogea.

"Yamehaririwa nini?" Zadock akauliza. "Aliongeza koma? Aliweka kipicha cha mshumaa? Hebu onyesha ilikuwaje zamani."

Mama akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Hakuna. Instagram inakwambia mtu aligusa maneno, haikwambii aligusa nini. Ya zamani mtazamaji haonyeshwi. Zadock akaketi, akavuta kikombe chake, akanywa chai kama bwana harusi.

Na hapa sasa msikilize vizuri, maana Maurine alijua kitu ambacho wengine wote hawakujua. Facebook, ukiangalia tu, haionyeshi chochote, posti imetulia kama maji ya mtungi. Lakini kuna vile vidoti vitatu pembeni. Ukivibonyeza utapata orodha, na ndani yake pahali pa kutazama historia ya kuhariri. Humo kila kapsheni iliyowahi kuandikwa imekaa na saa yake. Na si mwenye ukurasa pekee anayeiona, yeyote anayeweza kuiona posti anaweza kuifungua.

Basi si angesema mara moja? Ngoja, usikimbie mbele ya punda.

Historia hiyo ilikuwa na kapsheni tatu, si mbili. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa aibu ya Maurine mwenyewe. Asubuhi ile, kwa haraka, alinakili tangazo la wiki iliyopita la mzee mmoja Karanja wa Limuru ili abadilishe majina, akabonyeza kabla ya kumaliza. Kwa dakika mbili, Jackton fundi seremala, ambaye hata kikonyo cha sukuma wiki hakuwahi kupanda, alitangazwa duniani kama mkulima wa chai, mume wa Wanjira. Maurine akashtuka, akarekebisha, Zadock akasoma ile iliyonyooka, hakuna aliyejua. Na mwezi wa tatu alikuwa amefanya kosa lilelile kwa familia nyingine, Kaindi akamwambia: "Ukirudia, mlango ni ule."

Kwa hiyo akinyamaza, kazi imekwenda. Akifungua, kazi inaweza kwenda vilevile, na watu watacheka juu ya marehemu. Aliwaza kodi, akamwaza mamake, akamtazama Veronicah, ambaye alikuwa ameanza kujitazama mikono kama mtu anayejiuliza kama kweli aliota.

"Leteni simu yenu," Maurine akasema. "Si yangu. Msije mkasema nimepanga."

Mama wa kanisa akampa. Maurine hakuishika. Akaelekeza tu kwa kidole: fungua Facebook, ukurasa wa duka, vidoti vitatu, hapo, historia ya kuhariri. Mama akaanza kusoma kwa sauti, kutoka ile ya zamani.

"Saa tatu na dakika nne. 'Mkulima wa chai wa Limuru, mume wa Wanjira...' Eh! Wanjira ni nani tena?"

Lornah akainua kichwa. "Kuna mwingine?"

Hata aliyekuwa akikaanga jikoni akazima jiko.

"Hilo ni kosa langu," Maurine akasema, macho kwa Kaindi. "Nilinakili ya mtu mwingine. Endelea, mama."

Kaindi alikuwa amevua miwani tena.

"Saa tatu na dakika sita. 'Mume wa Lornah na Veronicah.'" Mama akasita, akarudia. "'Na Veronicah.' Saa nane na dakika kumi na saba mchana. 'Mume wa Lornah.' Basi."

Veronicah akafunika mdomo.

"Hiyo inaonyesha ametoa yeye!" Zadock akaruka. "Imeandika Zadock mahali? Imeandika?"

Na kweli, haikuandika. Historia inasema nini kilibadilika na saa ngapi, haisemi nani aliagiza. Maurine akaweka simu ya kazi mezani, akafungua orodha ya simu zilizoingia. Zadock, saa nane na dakika kumi na moja, dakika nne.

"Dakika nne, mzee," Kaindi akasema. "Kuuliza kama picha inaonekana?"

"Nilifanya kwa ajili ya mke mkubwa," Zadock akanong'ona. "Kumlinda."

Lornah akasimama. Mama mfupi, lakini siku hiyo dari ilikuwa karibu. "Mimi sikukutuma, Zadock. Huyu amemwosha mume wangu akiwa mgonjwa, mimi nikiwa mbali. Rudisha jina lake, msichana. Sasa hivi."

Maurine akarudisha, Facebook halafu Instagram, wote wakitazama, na historia ikapata mstari wa nne. Kisha akageuka kwa Kaindi kungoja hukumu yake.

Na Kaindi, nawaambia, alipanda juu ya kiti mbele ya watu mia tano, machozi yakimtiririka, akatangaza kwamba River Road nzima haijawahi kuona mchapaji jasiri kama huyu, akampandisha cheo papo hapo awe mkubwa wa—

"Anko!" Maurine akanikatiza. "Watu kumi na wanne. Na hakupanda kiti, alikuwa anatafuta miwani. Alisema, 'Kesho ukuje saa moja, na simu ya kazi uniachie mwezi mzima.' Sema hivyo."