Jina Ndani ya Kola

Iko Ijumaa moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, ingawa siku hizi hata nilipoweka miwani yangu nasahau. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi Majengo, Pumwani, Nairobi, kwa shangazi yangu Bi Zuhura, na kazi yangu ilikuwa kushona. Cherehani yangu ya kuzungusha kwa mkono ilikaa barazani, mbele ya nyumba, na nitakwambia bila haya: mtaa mzima hakukuwa na msichana aliyejua kukata kola kunishinda. Nililijua hilo, na jirani zangu walijua kwamba nalijua.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwako kijana wa Mumias aliyeitwa Masudi Wesonga. Alifanya kazi katika karakana moja upande wa viwandani. Mara ya kwanza alileta suruali iliyochanika goti. Mara ya pili alileta shati lililopungua kitufe kimoja. Mara ya tatu alileta shati lile lile, kitufe kingine hakipo, nami nilipoutazama uzi nikaona umekatwa kwa wembe. Nilikishona kitufe kile polepole kuliko nilivyowahi kushona kitufe chochote.

Siku hiyo ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Kule kazini, Bi Mwanaisha, msimamizi wetu Mzungu anatuita sote Waislamu Ali. Hata kwenye kadi yangu ameandika Ali. Nimemwambia mara tatu kwamba mimi ni Masudi, akanijibu Ali ni rahisi. Kutwa nzima naitikia jina lisilo langu. Hapa kwako ndipo ninaposikia jina nililopewa na baba yangu."

Unajua, mwanangu, ile ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapigania uhuru. Mwanamume mweusi hakuvuka barabara Nairobi bila karatasi mfukoni, na karatasi ikisema wewe ni Ali, basi wewe ni Ali. Nikamwahidi, "Hapa kwangu utaitwa Masudi."

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, baraza lilikuwa limejaa. Jirani watatu walikuwa wamekaa mkekani, shangazi anachambua mchele, nami nimebana pini midomoni napinda kanzu ya Saidi, muuza makaa wa nyumba ya tatu. Masudi akatokea na kitambaa cheupe cha popilini, anataka shati jipya. Nilifurahi mno kumwona, nikataka wote waone nilivyo hodari wa maneno. Nikatoa pini na kusema kwa sauti, "Karibu Saidi, bwana wa vitufe!"

Wanawake wakacheka kwa ajili ya vitufe. Yeye hakucheka.

"Ni Masudi," alisema taratibu.

Hapo ningenyamaza au ningeomba radhi, mambo yangeisha. Lakini uso ulinichoma moto, nikaona nijiokoe. "Saidi, Masudi, si herufi ni zile zile? Sini, ayni, dali. Mwalimu wa chuo cha Kurani angekubaliana nami!"

Wakacheka tena. Masudi akaweka kitambaa juu ya cherehani.

"Msimamizi wangu naye ana sababu yake," alisema. Akamuaga shangazi kwa heshima, akaondoka hata bila kupimwa.

Wiki ya kwanza sikumwona. Ya pili sikumwona. Nikaanza kumlaumu mbele ya shangazi: mwanamume gani anayesusa kwa jina moja tu, na mimi nilishamweleza kwamba majina yanafanana.

Bi Zuhura hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Ulipomweleza herufi," aliniuliza, "ulikuwa unamwomba radhi yeye, au ulikuwa unajitetea wewe?"

Nikajifanya natafuta uzi; yeye akaendelea.

"Ulimkosea mbele ya watu. Ukimfuata pembeni kumnong'oneza, utakuwa umemdanganya. Na kama unampenda, usidhani kuomba radhi kutakushusha. Msichana wangu anaweza kuomba radhi kichwa kikiwa juu."

Nikachukua kile kitambaa. Kwa kuwa hakupimwa, nilikata kwa kukumbuka. Nikashona mabega, mikono, kifua. Ilipofika kola, niliacha cherehani nikashika sindano. Upande wa ndani, unapogusa shingo, nikatarizi jina lake kwa uzi wa buluu, kwa herufi za Kiarabu nilizofundishwa chuoni. Mimu, sini, ayni, wau, dali. Nilifumua mara mbili kwa sababu wau ilikaa vibaya. Nikiwa na sindano mkononi ndipo nilipoona kwamba herufi mbili nilizozidharau, mimu na wau, ndizo zilizomfanya awe yeye na si Saidi.

Shangazi akampelekea salamu kwamba nguo iko tayari. Ijumaa akaja, baraza limejaa watu wale wale. Nikasimama.

"Masudi Wesonga," nikasema, "wiki tatu zilizopita nilikuita Saidi mbele ya hawa. Ulikuwa umeniambia kwa nini jina lako ni zito kwako, nami nikaahidi, kisha nikasahau. Nilipokosolewa nikafanya mzaha. Sina sababu. Naomba radhi."

Jirani waliacha kutafuna. Nikasubiri. Yeye akaitikia kwa kichwa, uso ukalegea kidogo. Hapo tu ndipo nilipothubutu kutania. Nikamkabidhi shati na kumgeuzia kola.

"Jina nimelitia humo. Nikikosea tena, nigeuzie kola nisome."

Akalisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. "Na haya mabega? Hukunipima."

"Jina nilisahau," nikasema. "Mabega sikusahau."

Shangazi akakohoa. Masudi akainamisha uso, lakini nilimwona anatabasamu.

"Na siku nisipolivaa, utanitambuaje?"

"Basi itabidi ulivae kila siku," nikamjibu, "nami itabidi nilifue."

Ulikuwa unasikia mchele ukidondoka kwenye ungo. Kufua nguo za mwanamume asiye ndugu yako, mwanangu, unajua maana yake: ni kazi ya mkewe. Nilikuwa nimesema, na sikulirudisha neno.

"Nitaje," alisema.

"Masudi."

"Tena."

"Masudi. Ya tatu uje kesho."

Alikuja kesho yake, na Jumapili, na Jumatatu alipotoka kazini. Baada ya mfungo wajomba zake wakafika kutoka Mumias kunichumbia. Kule karakana waliendelea kumwita Ali hadi alipoacha kazi ile, lakini alivumilia akijua kuna nyumba anakoitwa vizuri. Watu wamenisifu kwa nguo nyingi. Mimi hujivunia zaidi yale maneno niliyoyasema nikiwa nimesimama.

Basi nisikilize. Anachokuambia mtu kuhusu nafsi yake ni amana, kishike. Ukikiangusha, nawe ni binadamu, utaangusha, litaje kosa lenyewe kwa jina lake, useme lilimuumiza wapi, uache sababu zako nyumbani. Kama ulikosea hadharani, rekebisha hadharani. Mpe nafasi ya kupumua. Akishalegea, ndipo ulete utani, nao ukucheke wewe, usimcheke yeye. Utani ukitangulia ni dhihaka. Ukifuata, ni mlango unaomfungulia, naye ataamua kuingia au kupita. Ninyi mnasema sori huku macho yenu yako kwenye simu. Simameni, wanangu.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wenye ujasiri na moyo wenye kumbukumbu, akukutanishe na anayelitaja jina lako kwa mapenzi, na akujalie kulitaja lake hivyo hivyo mpaka uzee wenu. Amina.