Ng' ya Ng'ombe

Mimi siku ya kwanza daftari la mahudhurio silifungui. Wenzangu hunicheka, wacha wacheke. Ukilisoma jina la mtoto kombo, mtoto wa Unguja hakusahihishi, maana mwalimu hasahihishwi. Atakwambia "Naam", nawe utajiona umepatia mpaka mwaka uishe.

Kwa hiyo darasa langu la tano pale Chukwani, watoto waliopindukia mia, nlitaka kila mmoja ajitaje mwenyewe, nami nirudie mpaka aridhike, ndipo niandike. Nikachora madawati kwenye karatasi, kila mtu na pahala pake, nikapiga marufuku kuhamahama wiki nzima. Jioni, nikirudi kwetu Mji Mkongwe, nliwataja kimoyomoyo safu kwa safu. Kufika Alkhamisi nshawashika karibu wote. Kujisifu si kuzuri, lakini kh na gh za watoto wetu hazinishindi.

Dirishani alikaa msichana, baba yake fundi uashi kutoka bara. Alijitaja jina la hapa hapa, la kila mtaa. Kumbe daftarini, nlipokuja kulifungua, lipo jengine, linaanza kwa n na g. Nikamwita pembeni nikamuuliza: hii ng ya ngoma, au ya ng'ombe, na aliyeandika kasahau kile kialama cha juu? Akanitazama sana. Ya ng'ombe, akasema, na akalitamka. La bibi yake mzaa mama, aliyefariki yeye bado mchanga. Zuri, wallahi. Nikalirudia mpaka akatabasamu.

Asubuhi nikaliita mbele ya darasa, vile vile alivyonifunza. Kabla hajaitika, safu ya nyuma wakalia kama ng'ombe, darasa zima likafuata. Ebo! Nlipiga meza mpaka kiganja kikaniwaka. Kesho yake nikaliita tena. Wakafumba midomo, wakalia puani, na katika watoto mia utamkamata nani? Msichana kainamisha kichwa, haitiki.

Baadaye aliniambia ni hivyo tangu darasa la kwanza. Lile la mtaani kalichukua mwenyewe, apate kupumua.

"Mwalimu, niite lile jengine. Nnakuomba."

Sikukubali. Mkaidi mimi, nlijua. Nikampelekea mama yake salamu aje, nikidhani sisi wawili tutalirudisha jina la watu mahala pake. Alikuja mchana, mama mpole, kasimama mlangoni. Nikamwambia amwite binti yake, darasa lisikie kwa mzazi.

Akamwita. Kwa lile la mtaani.

Nlimtoa nje nikamuuliza kulikoni. Hakukasirika, laiti angekasirika.

"Hata nyumbani, mwalimu. Nikimwita la mama yangu hanigeukii. Siku hizi nalitaja nikimwombea marehemu tu."