Pumzi Moja Kabla ya Daftari

Pale redioni walimwita Mabano. Jina lake la kwenye hati za mshahara lilikuwa lingine, lakini hata mhasibu aliyemlipa ilibidi afikiri kidogo ndipo alikumbuke. Kazi yake ilikuwa kuwaandikia watangazaji maneno ya kusema, na katikati ya maneno hayo aliweka mabano ya maelekezo: (tabasamu), (polepole), (pumua). Mtangazaji wa kipindi cha jioni, mwanamke mwenye sauti nzito tamu ambaye wote walimwita Bibie, hakuweza kusoma bila mabano hayo. Alimwomba hasa amwekee pumzi kabla ya kila neno gumu, maana akilivaa kwa ghafla ulimi unateleza.

Siku hiyo dada yake Mabano alimpigia simu mchana. Dada huyu ni fundi cherehani, ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na akiba yake yote ya miaka ya kupinda mapindo aliigeuza kuwa hisa za kampuni moja ya saruji. Alitaka siku moja aache kushona sare za shule akae barazani. Sasa mteja mmoja, akiwa amesimama apimwe kiuno, alimwambia kwamba soko la hisa limeanguka.

Mabano alimweleza kwamba soko hupanda na kushuka. Akaeleza tena. Dada akamsikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayekusimulia ndoto yake, kisha akasema kesho asubuhi wakala wake wa hisa akifungua tu ofisi, atamwagiza auze zote.

"Dada, subiri kwanza ujue zimeshuka kwa nini."

"Wewe mdogo wangu nilikufundisha kufunga kamba za viatu. Utanifundisha mambo ya hisa? Nitamsikiliza Bibie jioni."

"Anayosema Bibie naandika mimi."

"Ndiyo, lakini yeye anayasema vizuri."

Basi Mabano akakaa mezani kwake, kwenye chumba chenye feni moja iliyozunguka kwa kusitasita, akaandika kwa makini kuliko alivyowahi kuandika. Soko lilipofungwa alizungumza kwa simu na mawakala wawili na mtu mmoja wa soko lenyewe, akapata picha. Kipimo cha soko zima kimeshuka. Kipimo hicho hujumlisha kampuni zote kwa ukubwa wao, kwa hiyo kubwa ikiteleza, huburuta hesabu nzima hata kama ndogo zimesimama palepale. Na kubwa kuliko zote ni hiyo ya saruji. Hisa yake jana ilikuwa shilingi mia, leo tisini na mbili. Lakini kampuni ilishatangaza gawio, yaani mgao wa faida, la shilingi sita kwa kila hisa, na leo ndiyo siku ambayo anayenunua hapati tena gawio hilo, kwa sababu daftari la wanahisa linafungwa kabla jina lake halijaingia. Sita kati ya zile nane zilikuwa na maelezo yake. Mbili zilizobaki, mawakala wote wawili walikiri kwamba wanakisia tu: wauzaji walikuwa wengi kuliko wanunuzi.

Aliandika yote hayo. Kisha, kwa mazoea ya mkono, akaweka pumzi kabla ya neno gumu.

Kipindi kikaanza. Bibie akasalimia, akawatania madereva walioko kwenye foleni, akafika mahali penyewe. "Na sababu kubwa ya leo, wapenzi wasikilizaji," alisoma, "kampuni ya saruji inafunga," akavuta pumzi, ndefu, nzuri, kama alivyoelekezwa, "daftari la wanahisa wake."

Mabano, aliyekaa upande wa pili wa kioo karibu na fundi mitambo, aliisikia ile pumzi ikipita. Fundi mitambo akamgeukia, akazionyesha kwa kidole taa za simu. Zilikuwa zimewaka zote.

Msikilizaji wa kwanza aliuliza wafanyakazi wa kiwanda watalipwa na nani. Wa pili, mjenzi, alitaka kujua kama mifuko itapanda bei kesho, kwa sababu ameacha nyumba ya mtu bila lenta. Bibie aliwajibu kwamba hakuna kilichofungwa isipokuwa daftari, lakini daftari kufungwa ni kitu gani hakuweza kusema, na sauti yake tamu ikaanza kujikwaa. Wa tatu alikuwa mama aliyesema hataki kutaja jina.

Mabano aliijua sauti ile kabla haijamaliza salamu. Nyuma yake cherehani ilikuwa inasikika.

"Mimi nina hisa za saruji," alisema. "Umesema inafunga. Mdogo wangu anafanya kazi hapo hapo kwenu, na mchana kutwa ananiambia nisubiri. Nisubiri nini, kufuli?"

Bibie akatazama kioo. Mabano alikuwa ameshachukua karatasi safi. Hakuandika gawio, hakuandika kipimo, na hakuweka bano hata moja. Aliandika kama anayezungumza na mtu aliye na sindano mdomoni, akaingia studio akinyata, akaiweka karatasi mbele ya Bibie. Bibie akaipitia kwa jicho, na mabega yake yakashuka.

"Mama, nasikia cherehani hapo. Unashona?"

"Nashona."

"Basi chukua gauni unaloliuza pamoja na mtandio wake. Bei ni mia. Ukishatoa mtandio, gauni peke yake utaliuza mia?"

"Nani atanipa mia? Nitapunguza bei ya mtandio."

"Ndicho kilichotokea leo. Hadi jana, aliyenunua hisa alipewa na gawio lake. Kuanzia leo anapata gauni tupu, ndiyo maana anatoa kidogo. Lakini wewe ulinunua zamani. Mtandio ni wako, utaletewa siku ya malipo, ukiwa umekatwa kodi. Kiwanda kinafanya kazi. Kinachofungwa ni orodha ya wanaodai mitandio."

Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Bei ya mtandio ni ngapi?"

"Sita."

"Na hisa imeshuka nane. Mbili zimekwenda wapi?"

Fundi mitambo alicheka kwa pua. Bibie akaigeuza karatasi. Upande wa pili wa karatasi Mabano alikuwa ameandika maneno machache tu, naye akaisoma ilivyo: "Hizo mbili, mama, hakuna mtu leo anayejua kwa hakika, na anayekwambia anajua, mwangalie vizuri. Huenda zikarudi, huenda zikaongezeka. Sisi hatumwambii mtu auze wala asiuze."

Dada akashukuru, akaongeza kwamba mwanamke mwenzake ameeleza jambo likaeleweka, si kama watu wengine.

Asubuhi Mabano alipita dukani kwa dada yake kabla ya kwenda kazini. Alimkuta ameinamia kola ya sare, miwani imeshuka puani. Akamwamkia, akakaa kwenye stuli ya wateja, na hakuthubutu kuuliza. Dada alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Wakala nimempigia," alisema.

"Ukamwambia nini?"

"Nimemuuliza gawio linalipwa lini. Akaniambia. Nikamuuliza na zile mbili, na yeye hajui. Nikaona huyu angalau hanidanganyi." Akaishika sare juu kwenye mwanga, akaikagua mabegani. "Sijauza. Nikiuza, nitauza kwa sababu nimeamua. Siuzi kwa sababu mtu kavuta pumzi."

Mabano akatazama sakafu, kwenye vipande vya nyuzi.

"Ile pumzi niliiandika mimi, dada."

"Najua," alisema, akimrushia sare aikunje. "Bibie hawezi kukosea namna ile."