Tundu Karibu na Ukuta

Kosa nililifanya mimi, na nililifanya kwa kujiamini sana. Hilo naliweka mbele kabisa, kwa sababu wakati ule sikulisema.

Ilikuwa miaka ile biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, na kila mwenye lori Sumbawanga akawa tajiri au akaanza kujiita hivyo. Mimi nilikuwa fundi sanifu katika ofisi ya ujenzi, kijana mwenye cheti na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Jioni na Jumamosi nilifanya vibarua. Tajiri mmoja wa mtaa wa Katandala alikuwa na ghala lenye ghorofa ya mbao: juu magunia ya mahindi, chini mashine ya kusaga na wanawake wa kupepeta. Sakafu ya juu ilibebwa na boriti moja kubwa ya chuma, iliyotolewa kwenye daraja la zamani. Umbo lake utalijua ukiitazama kwenye ncha yake: bapa nene juu, bapa nene chini, na kati yake ukuta mwembamba wa chuma unaoyaunganisha.

Mmoja wa wanawake wale wa kupepeta alikuwa dada yangu mkubwa, aliyenilea baada ya mama kufariki. Mahali pake pa kukaa palikuwa chini ya boriti hiyo, upande wa ukuta, kwa sababu hapo baridi ya Ufipa haikumfikia.

Tajiri alitaka bomba la bati la kufyonza vumbi, nalo lilipaswa kupita pembeni mwa ukuta. Boriti ililizuia. Akaniita.

"Injinia, tuitoboe wapi?"

Sikuwa injinia, lakini sikumsahihisha. Nikachukua chaki, nikachora mraba katikati ya kimo cha boriti, hatua moja kutoka ukutani. Nikamweleza kama mwalimu: boriti ikilemewa inapinda, bapa la juu linabanwa, la chini linavutwa, na katikati kabisa hakuna kubanwa wala kuvutwa. Chuma cha katikati kinalala tu. Kata hapo.

Aliyekuwepo kukata ni mzee mmoja, fundi wa kuchomelea ambaye zamani alikuwa seremala. Aliutazama mraba wangu.

"Mimi boriti za mbao nimeziona zikizidiwa," alisema. "Hupasuka huku karibu na ukuta. Ufa unaanzia kichwani, katikati ya kimo, unafuata urefu wa mti. Hapo hapo ulipochora. Bomba tungelipeleka kule katikati ya chumba."

"Mzee, mbao ni mbao. Chuma ni chuma."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Akawasha gesi, akakata. Alipomaliza alifanya jambo ambalo maseremala hufanya kwa kila fremu ya mlango: alivuta uzi kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe zile nyingine, akafunga fundo kila mara. Mafundo yakalingana. Mraba ulikuwa mraba kweli. Nilimcheka kidogo kwa umakini wake.

Mavuno yakaanza. Malori yalipanda kutoka Muze, mengine yakaja kutoka Chala, na magunia yakapangwa juu mpaka yakagusa paa. Siku moja asubuhi nilipita kumsalimia dada. Alikuwa anapepeta, na alikuwa amekasirika.

"Mdogo wangu, hebu ona. Tangu juzi natoa huu uchafu."

Kwenye ungo, juu ya mahindi, kulikuwa na vipande vidogo vya rangi ya kijivu. Alivichukua kwa vidole akanipa kiganjani. Nikainua macho. Rangi kuukuu ya boriti ilikuwa imepasuka kuzunguka tundu, mistari mingi midogo, yote imelala mshazari, yote ikielekea upande mmoja. Kwingine kote boriti ilikuwa safi. Wakati natazama, kipande kingine kikaanguka kwenye ungo.

Nilikwenda kumtafuta mzee, nikamkuta kibandani kwake. Nilimwonyesha vile vipande vya rangi kiganjani. Hakuuliza mengi. Alikuja na uzi wake wenye mafundo, akapanda ngazi, akapima. Pembe hadi pembe upande mmoja, fundo lilikuwa halifiki, limepungua upana wa kidole. Upande mwingine lilipita. Mraba ulikuwa umelalia upande, si mraba tena.

Hapo ndipo mchoro ulinirudia, ule wa ukurasa wa pili wa somo la boriti, ambao niliukariri kwa ajili ya mtihani nikausahau. Boriti haipindi tu. Mzigo unaikata pia, unataka upande wa chumbani ushuke na upande wa ukutani ubaki juu, na nguvu hiyo ni kubwa zaidi karibu na ukuta. Mabapa manene hayasaidii kitu hapo; karibu nguvu yote ya kukata hubebwa na ule ukuta mwembamba. Kwenye mchoro mkazo ni mdogo sana ndani ya bapa, unaruka ghafla unapoingia kwenye ukuta mwembamba, unaendelea kutuna, na kilele chake kiko katikati ya kimo. Pale pale niliposema chuma kinalala. Nilikuwa nimetoa chuma mahali kinapofanya kazi kuliko pengine pote, na dada yangu nilimwacha akae chini yake.

Tajiri hakutaka kusikia. Lori lilikuwa mlangoni, linasubiri kushusha.

"Wewe mwenyewe ulisema hapo ni salama."

Niliingia ndani nikapiga kelele wanawake watoke. Dada alitaka kwanza kumaliza ungo wake. Nilimvuta mkono kwa nguvu mpaka mahindi yakamwagika, naye akanitukana mbele za wenzake.

Mzee alibaki ndani. Alikuwa anasimamisha mirunda, nguzo nene za miti, chini ya boriti, mmoja baada ya mwingine, anaigongea kabari. Mimi nilisimama mlangoni. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilisimama mlangoni. Alikuwa kwenye wa nne aliposikia chuma kikilia, akatoka mbio akiwa amejikunja. Pembe ya tundu ilichanika. Upande wa ukuta sakafu ikashuka kimo cha mtoto, kwingine ikashikiliwa na mirunda ya mzee, na magunia yakaporomokea huko ukutani. Vumbi lilipotulia, mahali pa dada hapakuonekana.

Hakuna aliyeumia. Watu walikusanyika, na tajiri akauliza kwa sauti kubwa:

"Nani aliyekata hapa?"

Wote walimgeukia mwenye gesi. Mzee alinigeukia mimi. Hakuwa na hasira. Alisubiri tu, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kupita.

"Pembe zilikatwa kali mno," nilisema. "Zilitakiwa ziviringwe."

Ilikuwa kweli. Pembe kali huanza kuchanika mapema. Nilichagua ukweli huo mdogo nikausimamisha mbele ya ule mkubwa.

Mzee aliuzungusha uzi kwenye vidole vyake, akautia mfukoni. Hakupewa tena kazi Katandala, na kabla mvua hazijaanza alihamia Chala.

Dada aliniomba msamaha kwa matusi yale. Jumapili, baada ya misa, aliwaambia watu mbele ya kanisa kwamba mdogo wake ndiye aliyemtoa, kwamba bila kusoma kwangu angekuwa kaburini. Kisha akanichinjia kuku. Aliniwekea paja na ugali wa ulezi, akakaa mbele yangu akinitazama nikila, na mimi nikala.