Sahani Sitini Kutoka Makasha Mawili

Miaka ile soko lilipoachiwa huru na kila mwenye kibaraza akawa mfanyabiashara, niliuza vyombo hapa Same. Akina mama wa usharika mmoja wa Chome waliniagiza sahani za udongo mia na arobaini na nne, za sherehe ya kipaimara Jumamosi. Wangezikosa wangeazima kwingine, na mimi nisingewaona tena.

Mzigo ulifika Jumatatu kutoka Dar, makasha sita. Mawili yalilia kama njuga nilipoyatikisa. Niliyafungua mbele ya dereva: sahani zimelazwa bapa, moja juu ya nyingine, badala ya kusimamishwa. Nilihesabu zilizovunjika mara mbili. Arobaini na tatu. Nikaandika hivyo kwenye hati ya mzigo, dereva akasaini, nakala moja akaondoka nayo.

Kisha nikaenda kwenye chumba cha intaneti, nikamwandikia msambazaji. Nikaweka sitini. Sokoni anayeanza na bei yake ya mwisho ni mgeni. Nilijua atapunguza, tukutane katikati. Nikamalizia kwa kumwita mwizi.

Dada mwenye chumba, aliyewahi kuwa karani wa ofisi, alisoma akichungulia juu ya bega langu.

"Shikamoo mama. Kasha moja lina sahani ngapi?"

"Marahaba. Ishirini na nne."

"Yameharibika mangapi?"

"Mawili."

"Sasa sitini zimetoka wapi? Zilizaana njiani?"

Nilihesabu kwa vidole. Nikarudia. Arobaini na nane, kila mara. Mimi, ninayehesabu hata njiti za kiberiti! Tulicheka mpaka mteja wa kompyuta ya pili akatuomba tumhurumie.

"Na hati hii uliyoshika, ambayo dereva ana nakala yake, inasema arobaini na tatu," akaongeza. "Huyu hutapatana naye, mama. Huyu mpe ukweli, halafu mbane."

Akafuta mwizi, akafuta sitini. Ikabaki hivi:

"Tumepokea makasha sita Jumatatu. Katika mawili, sahani 43 zimevunjika kwa sababu zilipakiwa zikiwa zimelala. Dereva wenu amesaini. Tumezihifadhi mje kuzikagua. Tunaomba mtuletee 43 nyingine kabla ya Ijumaa jioni, kwa gharama yenu, kwa kuwa mteja wetu anazihitaji Jumamosi. Tunathamini biashara yetu nanyi na tunasubiri jibu lenu kesho."

"Mbona hukusema tafadhali?" nikauliza.

"'Tunaomba' inatosha. Ukizidisha watajua unaogopa."

Jibu lilikuja kesho yake: samahani, mzigo unapakiwa. Alhamisi makasha mawili yalishuka, sahani zimesimama kwenye nyasi kama wanakwaya. Nilizihesabu. Nikarudia. Nikaenda mbio kwa yule dada, kanga inapepea.

"Niandikie barua pepe nyingine."

"Zimevunjika tena?"

"Hapana. Wameleta makasha kamili. Zimezidi!"

Akavuta kibodi, akanitazama kwa jicho moja.

"Zimezidi ngapi, mama? Na usianze na mbili ili mkutane katikati."